Mfuko wa Amerikani Katika Koti la Lugano

Kwa miezi minane sasa ninaandika hadithi ya upelelezi inayotokea katika kijiji cha kubuni kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na miezi sita kati ya hiyo niliipoteza nikiwa nimekwama mahali pamoja. Nilikwama kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, unaokutwa ndani ya koti la kijana ambaye hakuuweka humo. Nilijua nani ameuweka, nilijua kwa nini, na nilijua kwamba mwishoni kijana huyo atasafishwa jina. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kumfanya msomaji makini aamini kwamba kijana ndiye mwizi, bila mimi mwandishi kumwambia msomaji huyo uongo hata mara moja.

Kiswahili cha mtaani kina maneno mawili yaliyonisaidia kulielewa tatizo langu. La kwanza ni kuzuga, yaani kumshughulisha mtu na jambo moja ili asiangalie jingine. La pili ni kubambikia, ambalo kila Mtanzania analijua, kwani si wachache waliowahi kusikia habari ya mtu aliyebambikiwa kesi. Katika hadithi yangu mambo haya yote mawili yapo, na yote mawili yanamsukuma msomaji kwa Lugano. Kwa muda mrefu niliyachukulia kama jambo moja, na hapo ndipo nilipokosea.

Dalili ya kuzuga hutegwa na mwandishi. Ni jambo la kweli kabisa katika maisha ya wahusika, lililotokea kama lilivyoelezwa, ila maana yake si ile ambayo msomaji anaipa. Kitu cha kubambikia hutegwa na mhusika, naye ni mhalifu mwenyewe. Ni uongo, lakini ni uongo wa mtu aliyemo ndani ya hadithi, mwenye mikono, mwenye haraka na mwenye hofu ya kuonekana. Tofauti hii ina matokeo makubwa. Dalili ya kuzuga inatakiwa kuwa na maelezo yake mengine yasiyohusiana na kosa. Kitu cha kubambikia hakina maelezo mengine isipokuwa kosa lenyewe, na kwa sababu hiyo kila kitu kilichobambikwa kinabeba habari za aliyekibambika: lazima aliwahi kukishika, lazima alifika mahali kilipokutwa, na lazima alijua kwamba watu wataamini. Kinamshitaki asiye na hatia kwa sauti kubwa na kinamtaja mwenye hatia kwa sauti ndogo.

Nieleze hadithi yenyewe, maana bila hiyo maneno yangu yataelea.

Kuna kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama ishirini na watano. Fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama ilivyo desturi ya vikundi hivi, na funguo za kila kufuli anazo mtu tofauti: Mwalimu Ambakisye aliyestaafu, Bibi Atupele, na mjukuu wake Lugano ambaye anaendesha bodaboda. Sanduku lenyewe hulala kwa Mama Tusekile, ambaye hana ufunguo wowote. Ndani ya sanduku fedha za hisa hukaa katika mfuko mkubwa, na fedha za kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba hukaa katika mfuko mdogo wa amerikani ulioandikwa kwa kalamu ya wino: MFUKO WA JAMII. Sanduku hufunguliwa mara moja tu kwa wiki, Ijumaa asubuhi, mbele ya wote. Hadithi inaanza Ijumaa ya mgawo, siku ambayo baada ya mwaka mzima kila mwanachama anatarajia kurudi nyumbani na akiba yake. Kufuli zote tatu zinafunguka vizuri kwa funguo zake, kifuniko kinainuliwa, na ndani kuna magazeti yaliyokunjwa.

Mwizi ni Katibu. Yeye ndiye aliyetumwa mjini kununua kufuli mwaka uliotangulia, na kufuli zile huuzwa na funguo zaidi ya mmoja. Alinunua kufuli tatu, kila moja na funguo tatu, akawakabidhi watunza funguo mbilimbili, na moja moja akabaki nazo. Jumatatu ya wiki ile alikwenda kwa Mama Tusekile mchana, akasema anataka kuweka vitabu sawa kabla ya mgawo, akaachwa peke yake chumbani kwa muda wa kunywa chai. Hayo msomaji hayajui, ingawa, kama nitakavyoeleza, ameshayasoma.

Dalili ya kuzuga ni Lugano kuonekana Alhamisi saa nne usiku akitoka nyuma ya jiko la Mama Tusekile, wakati mama mwenyewe yuko msibani. Aliyemwona ni jirani, mtu mkweli ambaye hana ugomvi na yeyote. Jambo hilo lilitokea kweli. Lugano anaulizwa mbele ya kikundi alikuwa anafanya nini pale, naye anainamisha kichwa na kukataa kusema. Kwa kuongezea, kila mtu anajua kwamba alikopa shilingi 400,000 kutengeneza injini ya pikipiki na marejesho yake yamechelewa mara mbili.

Katika rasimu yangu ya kwanza Lugano alikuwa anakutana na msichana. Hilo lilikuwa jepesi mno. Kijana wa miaka ishirini na sita anayetuhumiwa kuiba fedha za wajane hawezi kunyamaza ili kuficha mapenzi. Angesema, watu wangemcheka, basi. Ukimya wa mtuhumiwa ndio unaoishikilia dalili ya kuzuga isianguke, na ukimya huo lazima uwe na uzito unaolingana na tuhuma. Nilitafuta sana siri ambayo ingekuwa ya aibu kwake bila kuwa ya uovu, hadi nikaipata: Lugano hajui kusoma. Kikundi kilimchagua kutunza ufunguo kwa sababu ni mwaminifu, yeye akasaini kwa alama aliyofundishwa, na tangu siku ile anaishi kwa hofu ya kupewa daftari mbele ya watu. Mjukuu wa Mama Tusekile, mtoto wa kidato cha pili, amekuwa akimfundisha usiku nyuma ya jiko, kwa mwanga wa simu, na wamepeana ahadi ya kutosema. Mtu anayeficha jambo kama hilo anaweza kunyamaza hata mbele ya mgambo.

Baada ya kulipata hilo niligundua kitu ambacho sikukipanga, na sasa nakiona kuwa ndicho kazi kubwa ya dalili ya kuzuga. Nilidhani kazi yake ni kumwelekeza msomaji kwa mtu. Kumbe kazi yake ya ndani zaidi ni kumwelekeza kwenye wakati. Fedha zilihesabiwa mara ya mwisho Ijumaa iliyopita. Ziliweza kuibwa siku yoyote kati ya zile saba. Lakini mara jirani aliposema alimwona Lugano Alhamisi usiku, kikundi kizima, na msomaji pamoja nao, wakaanza kuzungumza juu ya Alhamisi usiku. Kila mtu akaulizwa alikuwa wapi Alhamisi usiku. Katibu alikuwa msibani, mbele ya macho ya kijiji chote, akiandika majina ya waliotoa rambirambi. Hakuna aliyeuliza juu ya Jumatatu mchana, na mimi sikuhitaji kumzuia yeyote asiulize. Ukiweza kumfanya msomaji akosee siku, hutahitaji kumpaka mtu matope. Wenye hatia watajisafisha wenyewe kwa ushahidi wa kweli wa mahali walipokuwa siku isiyohusika.

Sasa kitu chenyewe. Kinachokutwa ni ule mfuko mdogo wa amerikani, ukiwa mtupu, ndani ya mfuko wa kifuani wa koti la mvua la Lugano. Nilichagua mfuko badala ya fedha kwa sababu ya kawaida kabisa: mwizi haachi fedha. Kitu cha kubambikia kinapaswa kuwa cha thamani ndogo kwa mwizi na cha uzito mkubwa kwa washitaki, na kiwe hakiwezi kupatikana isipokuwa kwa aliyefungua sanduku.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la mpangilio. Niliuweka mfuko kwanza, kisha nikaanza kuleta deni la Lugano na ushahidi wa jirani ili kuukazia. Rafiki zangu watatu tunaosomeana kazi zetu Jumamosi hapa Mbeya walisoma sura hiyo, na wote watatu, bila kushauriana, wakaandika pembeni mwa ukurasa: amebambikiwa. Sikuelewa walijuaje. Baadaye niliona kwamba msomaji anapokutana na kitu chenye ushahidi mkali kabla hajamshuku mtu, shaka yake yote huelekea kwenye kitu chenyewe: kimefikaje hapa? Lakini akiwa ameshaanza kumshuku mtu kwa sababu zake mwenyewe, halafu kitu kikakutwa, yeye hukiona kuwa ni uthibitisho wa akili yake, na ni vigumu sana mtu kuutilia shaka uthibitisho wa akili yake. Kwa hiyo nikageuza. Deni linatajwa kwanza, kwa kupita tu, katika orodha ya wenye marejesho yaliyochelewa, ambamo Lugano ni wa nne kati ya sita. Jirani anafuata. Ukimya wa Lugano unafuata. Mfuko unakuja mwisho, wakati ambapo msomaji, moyoni, ameshamhukumu.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuufanya mfuko ule useme kweli.

Hapa hali ya hewa ya Tukuyu, mji ulio karibu na Mlima Rungwe, ilinipa zawadi. Eneo lile hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne inaweza kunyesha usiku kucha bila kupumzika. Nikaamua kwamba Alhamisi usiku ilinyesha hadi Ijumaa asubuhi. Lugano, ambaye alipata abiria wa alfajiri, anafika mkutanoni amechelewa na amelowa. Faini ya kuchelewa ni shilingi 1,000. Anaingiza mkono katika mfuko wa kifuani wa koti, ambao zipu yake iliharibika zamani, na kutoa noti iliyolowa chapachapa, imejikunja kama jani la mboga lililochemshwa. Watu wanacheka. Mhesabu fedha anaitandaza juu ya benchi karibu na jiko la mkaa ili ikauke, na Lugano anatundika koti kwenye msumari kando ya mlango. Tukio hilo lina mistari sita na linaonekana kuwa la kuchekesha tu. Ndilo ushahidi mkuu wa hadithi nzima, kwa maana mfuko wa koti uliolowesha noti namna ile ungelilowesha pia amerikani, kama amerikani ingekuwamo humo tangu usiku.

Kisha Katibu anainuka kufunga mlango kwa sababu mvua inarusha ndani. Mlango uko kando ya msumari. Hapo ndipo anapoutia mfuko, na nimeandika tu kwamba aliinuka, akafunga mlango, akarudi akijifuta mikono. Sijaandika kwamba alifunga mlango na hakufanya lolote jingine, kwani huo ungekuwa uongo wangu mimi. Wala siingii ndani ya kichwa cha Katibu mahali popote katika hadithi, kwa sababu mwandishi akishaingia kichwani mwa mhalifu na kumwonyesha akisikitikia mvua tu, huku akificha kwamba moyo unamdunda, ameshavunja mkataba na msomaji.

Katika rasimu ya pili, Bibi Atupele anautoa mfuko kwenye koti la mjukuu wake na kuhisi kwamba ni mkavu kabisa. Mkavu kabisa! Niliifurahia sana sentensi hiyo. Nilimpelekea shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani Mwanjelwa na ameshika vitambaa kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alisoma hadi pale, akavua miwani.

“Mwanangu, koti liko msumarini kwa muda gani kabla ya kupekuliwa?”

“Kama nusu saa, shangazi.”

“Amerikani inakaa nusu saa ndani ya mfuko uliolowa, halafu inatoka kavu? Wewe umewahi kushika amerikani?”

Sikuwa nimewahi, si kwa namna ile. Nikaomba kipande cha kitambaa hicho, upana wa viganja viwili, naye akanishonea mfuko kamili wenye kamba ya kufungia. Nyumbani nilichukua koti langu la mvua, nikamimina maji katika mfuko wa kifuani hadi bitana ikalowa, nikayamwaga, nikaukunja mfuko wa amerikani mara mbili, nikautia humo na kulitundika koti mlangoni. Baada ya nusu saa niliutoa. Pande mbili za nje zilikuwa zimelowa, na pembe moja iliyogusa chini ya mfuko wa koti ilikuwa imenyonya maji hadi karibu na katikati. Nilipoukunjua, kwa ndani kwenye mkunjo, kulikuwa na eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto ambalo lilikuwa kavu, jeupe zaidi ya kwingine, na maandishi yangu ya wino upande ule yalikuwa safi kana kwamba yameandikwa muda uleule. Upande wa nje wino ulikuwa umeanza kutambaa na kutengeneza ukungu wa buluu.

Nilirudia jaribio, safari hii nikauacha mfuko humo usiku kucha, na kila nilipoamka nikaongeza maji kidogo kama mvua ingalivyoongeza. Asubuhi hapakuwa na mahali pakavu, na maneno yote mawili ya mwisho yalikuwa yameyeyuka na kuwa doa.

Kwa hiyo shangazi aliniokoa na aibu, lakini pia alinipa kitu bora kuliko nilichokuwa nacho. Mfuko mkavu kabisa ungepiga kelele. Msomaji yeyote angeshtuka. Mfuko uliolowa nje na mkavu katikati unaonekana, kwa mtu aliyeshtuka na mwenye hasira, kuwa mfuko uliolowa tu. Wanakikundi wanauona umelowa, wanakumbuka noti iliyolowa, na wanasema: mnaona, vilikuwa pamoja. Ushahidi uleule unaomwokoa Lugano ndio unaommaliza mbele ya watu, na tofauti kati ya hizo hukumu mbili ni eneo la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Lakini unyevu haukai. Kufikia jioni kitambaa kingekuwa kimekauka chote, na mtu yeyote anayefikiri baadaye hangekuwa na cha kuonyesha zaidi ya ukungu wa wino. Nilihitaji mtu aiandike hali ya mfuko saa ileile, kwa sababu isiyo ya upelelezi. Hapo nilikumbuka utaratibu wa upekuzi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka afisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kitu hicho, nayo isainiwe na mwenye mahali pale au jamaa yake wa karibu, na mashahidi kama wapo. Wanakikundi si maafisa na hawakutoa stakabadhi yoyote, lakini Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha miaka mingi na asiyeamini jambo ambalo halijaandikwa, anachukua daftari la kikundi na kuandika kila kitu kilichotolewa katika mifuko na vikapu, kwa mwandiko wa ubao. Kati ya kitana cha mtu mmoja na dawa za kikohozi za mwingine, ameandika: mfuko mmoja wa amerikani, mtupu, umekunjwa mara mbili, nje majimaji, ndani mkavu, maandishi yanasomeka. Msomaji anapita hapo haraka kwa sababu tayari anajua mfuko umekutwa. Anataka kujua Lugano atafanywa nini.

Orodha ni maficho mazuri kuliko giza. Nimeitumia mara mbili, na mara ya kwanza ni katika ukurasa wa tatu, ambapo Katibu anasoma taarifa ya matumizi ya mwaka: madaftari manne, kikokotoo kimoja, kufuli tatu kila moja na funguo tatu, muhuri na wino wake, turubai la kukalia. Kurasa mbili mbele, Mwalimu Ambakisye anawakumbusha wenzake kwamba kila mtunza ufunguo alisaini kupokea funguo mbili. Tisa kutoa sita. Sikuificha hesabu hiyo. Nimeiacha tu bila mtu wa kuifanya. Kitu cha katikati ya orodha, chenye vitu vya kawaida mbele na nyuma yake, macho hukiona na akili haikishiki.

Swali la nani aupate mfuko lilinisumbua kidogo, lakini jibu lilikuwa linajulikana tangu zamani. Wasomaji wetu, Wakristo kwa Waislamu, wanaijua habari ya kikombe kilichotiwa katika mzigo wa ndugu mdogo wa Yusufu. Katika Mwanzo, msimamizi anapekua kuanzia mkubwa na kumalizia kwa mdogo. Katika Qurani, Yusufu anaanza na mizigo ya wengine kabla ya mzigo wa nduguye. Aliyekiweka kitu anajua kilipo, na kama angekwenda moja kwa moja angejifichua. Katika visa hivyo vyote viwili msikilizaji ameshaambiwa kilipo kikombe, kwa hiyo anachohisi ni hofu ya kungoja. Msomaji wangu hajaambiwa, ila Katibu anajua, na Katibu anafanya vilevile: anapendekeza upekuzi uanze kwake mwenyewe, anaitoa mifuko yake nje hadi bitana ionekane, na kundi linamwona kuwa muungwana. Koti liko mlangoni, kwa hiyo linafikiwa mwisho. Na anayelifikia ni Bibi Atupele, ambaye ndiye mtu pekee pale anayempenda Lugano bila masharti. Kama mfuko ungekutwa na adui wa Lugano, msomaji angemshuku adui. Ukikutwa na mikono ya bibi yake, ambayo inatetemeka na kutamani isingekuta kitu, hakuna anayeshuku mikono hiyo.

Bibi Atupele pia ndiye anayelijua jibu kwanza, ingawa yeye mwenyewe anachelewa kujua kwamba analijua. Amelea watoto saba na wajukuu wengi, ameanika nepi za vitambaa katika nchi isiyo na jua kwa wiki nzima, na vidole vyake vinatambua kitambaa kilicholowa tangu usiku na kilicholowa sasa hivi. Anapoukunjua mfuko anasimama kidogo, anaugusa katikati kwa kidole gumba, halafu anaukabidhi bila neno. Wote wanadhani amesimama kwa uchungu. Na ni kweli ana uchungu. Ndiyo maana sikuhitaji kueleza zaidi.

Kuna mahali ambapo mpango wangu bado una mpaka, nami naukubali. Kitambaa kilichobaki kikavu katikati kinathibitisha kwamba mfuko uliingia kotini asubuhi, baada ya noti kutolewa. Hakithibitishi nani aliuingiza. Watu wanne walipita karibu na mlango katika nusu saa ile, na Katibu ni mmoja wao tu. Ndiyo sababu funguo tatu zilizobaki ni lazima ziwepo katika hadithi, na ziara ya Jumatatu mchana ni lazima iwepo. Aliyekuwa na mfuko mikononi Ijumaa asubuhi, aliyeweza kufungua kufuli zote tatu, na aliyebaki peke yake na sanduku katika wiki ile: ukichora duara tatu, zinakutana kwa mtu mmoja. Duara moja likikosekana, Bibi Atupele atakuwa ameokoa mjukuu wake na kijiji kitabaki kikimtazama kila aliyepita mlangoni. Nilishawishika wakati fulani kumfanya Katibu akiri kwa kuzomewa tu, ili nimalize. Niliifuta sura hiyo kwa sababu mtu aliyepanga kwa mwaka mzima, tangu siku ya kununua kufuli, hakiri kwa kuzomewa.

Na dalili ya kuzuga nayo ni lazima ilipwe deni lake. Hadithi nyingi nilizosoma katika kundi letu, zikiwemo zangu za zamani, humwokoa aliyesingiziwa halafu zikasahau kueleza alikuwa anafanya nini usiku ule. Msomaji hasahau. Katika sura ya mwisho kabla ya hitimisho, mtoto wa kidato cha pili anavunja ahadi yake na kusema mbele ya watu, kwa sauti ya kulia, kwamba Lugano alikuwa anajifunza kusoma na kwamba Alhamisi ile walikuwa wamefika herufi za ng na ng'. Lugano anatoka nje. Kwake, kutangazwa hivyo ni kuzito karibu kama kuitwa mwizi, na nimempa kurasa mbili nzima za kukaa chini ya migomba peke yake, kwa sababu mimi mwandishi ndiye niliyemweka nyuma ya jiko lile ili nimzuge msomaji.

Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi rasimu ya nne. Alisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali bila kukanyaga, nami nikajifanya natazama vitenge. Alipofika mahali mfuko unapotolewa kotini nilimwomba asimame na kuniandikia jina moja nyuma ya risiti. Aliandika Lugano, akaendelea. Nilisikia kurasa zikigeuka, kisha zikaacha kugeuka, kisha zikaanza kugeuka kwa kurudi nyuma, haraka, kupita daftari la Mwalimu, kupita noti juu ya benchi, hadi ukurasa wa tatu. Akaweka kidole penye uzi uliokatika juu ya mstari mmoja wa taarifa ya matumizi, akausoma kwa sauti ya chini, na akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili.